Simu Iliyomwambia Fatemabai Asubiri

Kuta za nyumba yangu hapa mtaa wa Kuze ni nene kiasi kwamba mwadhini akianza adhana, mimi niliye chumba cha nyuma husikia mwisho wake tu. Asiyeamini aje asimame mwenyewe. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na aliyezijenga alikusudia joto lisipite, mwizi asipite, wala fitina ya jirani isipite. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku kitakuja kitu kiitwacho mtandao, nacho kitataka njia.

Basi mtandao ukifika Kuze husimama barazani kama mgeni mwenye adabu. Ukitoka nje, simu yaenda mbio. Ukiingia ukumbini, yajikokota. Ukipanda ngazi kwenda kwa Fatemabai, jirani yangu wa ghorofani, hapo huonyesha kijistari kimoja, kisha hakuna, kisha kimoja, mithili ya mtu anayekonyeza.

Ndiyo maana Lubaba alinichagua mimi. Lubaba ni binti wa ndugu yangu. Alikuwa ametengeneza programu ya simu kwa ajili ya jiko letu la jumuiya, lile linalopika chakula cha mchana na kukipeleka majumbani katika thali za bati zenye mfuniko. Zamani Aliakbar, msimamizi wa jiko, alikuwa akipiga simu nyumba hadi nyumba kila asubuhi: Leo mwataka thali au hamtaki? Akipiga simu moja huuliza hali, huuliza watoto, huuliza goti, na jua linapanda. Programu ya Lubaba ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa, AGIZA. Bonyeza kabla ya saa tatu asubuhi, saa sita Baya, mchukuzi wa jiko, analeta thali kwa mkokoteni. Basi.

Aliakbar hakuipenda. Alikubali ijaribiwe katika kichochoro chetu, na akaweka sharti mbele ya mamake Lubaba: Alhamisi atakuja mwenyewe kuiona, na ikiwa bado inababaisha, aitupe, arudi kwenye simu zake. Mamake Lubaba naye akaongeza sharti lake, maana mama hawezi kuona sharti likaenda peke yake. Programu ikitupwa, Lubaba anakwenda Nairobi kwa mjombake, akakae kwenye meza ya ofisi ya bima kama watu wengine. Kiti kilikuwa kishawekwa. Lubaba hakutaka bima. Alitaka kukaa Kuze atengeneze vitu vyake. Nami nilitaka akae, kwa sababu nyumba hii akiondoka yeye hakuna tena wa kucheka ninapodanganya.

Alikuja siku ya kwanza na mwenzake, binti aitwaye Nanjala, mwenyeji wa bara, akaaye mtaa wa Buxton. Kazi ya Nanjala ilikuwa kujaribu. Lubaba anajenga, Nanjala anavunja, wanagawana.

"Khubaib Kaka, huyu ni Nanjala," akasema Lubaba.

Nanjala akanitazama mvi, akamtazama Lubaba. "Shikamoo. Huyu ndiye kaka yako?"

"Ndiye."

"Mmefuatana?"

Nikamwambia naam, tumefuatana, baina yetu wamekufa wanane tu. Maskini akanipa pole! Lubaba akanifinya mkono, akamweleza kwamba kwetu sisi wenye asili ya Kigujarati, kaka ni baba mdogo. Nanjala akacheka, lakini tangu hapo kila nikisema neno alikuwa akimtazama Lubaba kwanza.

Alibeba mfuko wa simu. Nilitarajia simu mpya zing'aazo. Akamwaga mezani takataka tupu: moja ina ufa kama ramani ya mto, moja kitufe chake kimerudishwa kwa ulimbo, moja mgongo wake umefungwa mpira wa nywele. Alizikusanya kwa mafundi wa Tononoka.

"Mwanangu, hukupata nzuri?"

"Nzuri tunazo, mzee. Lakini programu ikienda kwa simu nzuri, hujajua kitu. Watu wa hapa wanatumia hizi. Ndogo, nzee, nafasi imejaa." Akanionyesha. Kila simu aliijaza makusudi video za harusi, salamu za Idi na picha za maua ya asubuhi njema, hadi simu yenyewe ikawa inalalamika. "Buxton zote zilifanya kazi. Sasa tuone hapa."

Nikapewa ile ya ufa, Fatemabai akapewa ile ya mpira wa nywele, maana simu yake mwenyewe iliangukia kwenye ndoo. Nyumba nyingine mbili tatu za kichochoroni zikapata zao. Lubaba akatuonyesha kitufe, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi nilibonyeza AGIZA nikiwa kitandani. Kikatokea kiduara kikazunguka na maneno: Tafadhali subiri. Kikazunguka, kikazunguka, kisha: Imeshindikana, jaribu tena. Nikajaribu tena, kwa kuwa nimeambiwa.

Saa sita nikasikia mkokoteni, na sauti ya Baya, kijana wa Kigiriama mwenye kifua kama mlango wa msikiti. "Hodi, mzee! Una arusi?"

Akaanza kuteremsha thali. Akateremsha, akateremsha. Nikikwambia zilipangwa kutoka mlangoni kwangu mpaka forodhani utasema Khubaib ameanza, basi na tuseme zilikuwa nne. Nne kwa mtu mmoja asiye na meno ya nyuma. Wali, dali, mbuzi wa mchuzi, mara nne.

"Baya, umekosea nyumba."

"Sikukosea. Jikoni imeandikwa Khubaib, Khubaib, Khubaib, Khubaib. Aliakbar amesema mpelekeeni, pengine ana minyoo."

Nilikuwa bado nashangaa nikasikia bakora inagonga sakafu ya juu. Ni Fatemabai, akiniita. Nikapanda. Nikamkuta amekaa wima kitini, amejitanda rida, vazi la stara la wanawake wa kwetu, simu iko mbele yake juu ya kitambaa cha kufumwa.

"Khubaib bhai, thali yangu iko wapi?"

"Hukuagiza?"

"Nimeagiza. Nimebonyeza kama alivyonionyesha mtoto."

Baya akaapa, kutoka kwa Fatemabai jikoni halikufika neno. Basi nikampa thali moja katika zangu, nyingine nikampa Baya, na tukala, lakini tulikula tumekunja nyuso. Simu ni za aina moja, programu ni ile ile, nyumba ni moja. Chini zimefika nne, juu haikufika hata harufu.

Jioni Aliakbar alikwishaieneza habari. Alinikuta barazani, tumbo mbele, funguo za ghala zikimlia kiunoni.

"Sikujua una tamaa, Khubaib."

"Sikuagiza nne!"

"Kwani mashine imekuzulia?"

"Waulize wenye mashine."

"Nitawauliza Alhamisi," akasema, akaenda zake na funguo zake.

Lubaba alikuja amevunjika moyo. Akafungua kompyuta yake sebuleni kwangu, akasoma kilichoandikwa na mashine ya jikoni. Maombi yangu manne yalikuwepo, yamefuatana. La Fatemabai halikuwepo hata kama kivuli.

Nanjala akaniuliza taratibu, "Mzee, hebu nieleze ulivyofanya. Ulibonyezaje?"

"Nilibonyeza mara moja."

"Una hakika?"

"Wallahi, mara moja!"

Nilikuwa na maana kwamba sikuchelewa. Nimeamka, nimeshika simu, nimebonyeza, mara moja, papo hapo. Yeye, mtu wa bara, akaandika kwenye kompyuta: alibonyeza moja. Kwa neno hilo wakapoteza siku mbili. Lubaba alishinda akitafuta jini gani linachukua bonyezo moja na kulifanya manne. Aliligeuza andiko lake la programu juu chini. Nikamwambia Kuze majini tunayo, lakini ya kwetu hula halua, hayagusi mbuzi.

Fatemabai naye akaulizwa alifanyaje. "Nilifanya lile simu lililoniambia," akajibu, na hakuongeza, kwa kuwa kwake lilikuwa jibu kamili.

Nanjala akasema Jumanne atakuja kukaa nasi asubuhi na kutazama, bila kusaidia. Ndivyo kazi yao ilivyo: unamwacha mtu afanye alivyozoea, unajizuia usimwonyeshe, hata ukiona anakosea unajiuma ulimi. Akaja mapema na mkoba wake, akaketi kwa Fatemabai, akapewa chai ya maziwa na khari, biskuti ya kuchovya. Fatemabai akabonyeza AGIZA. Tiki! Imepokelewa. Hata khari haijalainika.

Nikaitwa nami nipande na yangu. Nikabonyeza. Tiki! Imepokelewa. Moja tu.

Thali zikaja sawasawa, moja moja. Tukafurahi mpaka Baya akapiga kigelegele cha kiume. Lubaba akasema alikuwa amebadilisha kitu fulani usiku, basi kumbe ndicho. Mamake akasikia, akanyamaza kuhusu Nairobi kwa muda wa chakula kimoja.

Jumatano Nanjala hakuja. Alikuwa na darasa Buxton. Mimi nikapata thali tatu. Fatemabai hakupata kitu.

Sasa hapo akili za kichochoro kizima zikavurugika. Nanjala akiwepo, inafanya. Nanjala asipokuwepo, haifanyi. Wanawake wakaanza kusema binti yule ana nyota. Fatemabai akasema si nyota, ni baraka, na akataka Nanjala awe anaishika simu kidogo kila asubuhi kama anavyoshikishwa mtoto mgonjwa. Aliakbar akapita, akasema kwa sauti ili mpaka mawe yasikie, "Basi tumwajiri Nanjala akae kila nyumba! Na hiyo nayo ni programu?"

Lubaba hakucheka. Akakaa kwenye ngazi zangu, kichwa magotini. "Kaka, mimi sielewi. Ninajenga kitu na sikielewi. Pengine mama yuko sawa. Bima angalau mtu huelewa: umekufa, hujafa."

Nilitafuta uongo mzuri wa kumfariji, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu bandarini sikuupata. Nikampigia Nanjala, nikiwa nimesimama katikati ya kichochoro simu ikiwa juu kama ninaita njiwa. Nikamwambia darasa liishe lisiishe, njoo, maana kesho ndiyo Alhamisi.

Akaja alasiri, ametota jasho. Jiko lilikuwa limekwisha kazi, kwa hiyo Lubaba akalifungulia kitufe lipokee maombi ya kujaribu tu, bila mtu kupikiwa. Tukapanda sote kwa Fatemabai. Akabonyeza. Tiki! Imepokelewa. Lubaba akashika kichwa.

"Tena," akasema Nanjala.

Tiki.

"Unaona?" nikamwambia. "Baraka. Ulizaliwa siku gani?"

Nanjala akatoa simu yake mwenyewe mkobani atazame saa, na ilikuwa imebaki chaji kidogo sana. Alikuwa bado ameishika ikazima mkononi mwake. "Ah, imeenda." Akairudisha mkobani. "Tena, Fatemabai."

Fatemabai akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Tafadhali subiri. Kikazunguka.

Nanjala akatazama simu ya mpira wa nywele, akatazama mkoba wake, akatazama simu ile tena. Kisha akajipiga kofi la paji la uso, likalia kweli kweli.

"Lubaba. Hotspoti yangu."

"Nini?"

"Hotspoti! Buxton nilikuwa naziunganisha hizi simu zote kwa simu yangu, nisimalize bando kila moja. Sikuwahi kuzima. Zinanikumbuka. Nikiingia tu chumbani zinajishikilia kwangu zenyewe!"

Lubaba akachukua dakika kuelewa, nami nikachukua zaidi. Nanjala alikuwa na simu nzuri, ya laini ya kampuni nyingine, yenye nguvu ya kupata mtandao hata ghorofani ikiwekwa karibu na dirisha, na alikuwa daima akikaa dirishani kwa sababu ya joto. Yeye ndiye aliyekuwa mnara. Alikuja kupima ukame huku amebeba mtungi kichwani.

"Kwa hiyo si baraka," akasema Fatemabai, kwa huzuni kidogo.

"Si baraka, mama. Ni makosa yangu."

"Hata hivyo kaa karibu yangu."

Lakini Nanjala alikuwa ameweka kidole mdomoni. Kile kiduara kilikuwa bado kinazunguka mbele ya Fatemabai, na sasa ndipo tuliona kwa macho yetu, bila mnara chumbani, alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Fatemabai alisoma tena maneno, Tafadhali subiri, midomo ikitembea. Akaiweka simu taratibu juu ya kitambaa cha kufumwa. Akakunja mikono mapajani. Akasubiri.

Hakuigusa. Hakuitazama hata. Simu imemwomba subira, tena kwa tafadhali, naye ni mwanamke aliyelelewa; mtu akikwambia subiri humkodolei macho usoni. Kioo kikafifia, kikazimika. Akaanza kuvuta tasbihi. Nanjala akajiuma ulimi, nilimwona. Tukasubiri naye, tukiwa watu wazima watatu tunaitazama simu iliyolala kama tunakesha na mgonjwa.

Hatimaye Nanjala akaomba ruhusa, akaiwasha. Programu ikaanza upya kabisa, ukurasa wa kwanza, kitufe cha AGIZA kinang'aa kama hakijawahi kuguswa na binadamu.

"Limepotea," akasema Lubaba polepole. "Ombi lilikuwa kichwani mwa programu tu. Simu hii ni ndogo, imejaa. Kioo kikizimika inatafuta nafasi, inaifunga programu, na kila kilichokuwa kichwani kinakwenda nayo. Hatukuliandika popote."

"Haisemi jaribu tena?" nikauliza.

"Haikufika huko. Imekufa kabla ya kusema."

"Na mimi mbona yaniambia jaribu tena?"

"Kwa sababu wewe huiachi ilale." Nanjala akanigeukia, macho membamba. "Mzee. Hebu nionyeshe wewe ulivyobonyeza. Usiseme. Fanya."

Tukashuka chumbani kwangu. Nikafanya kama asubuhi. Nikabonyeza. Kiduara. Jaribu tena. Nikajaribu tena. Jaribu tena. Nikajaribu, kwa dole gumba, kama anayekuna nazi. Nikainua kichwa nikakuta wananitazama kwa namna ambayo hakuna mzee apendaye kutazamwa.

"Ulisema mara moja!" Nanjala akalia.

"Mara moja! Sikukawia hata kidogo!"

Lubaba akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi, na sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani yeye pia hakujua. "Siku mbili," akawa anasema. "Siku mbili nilitafuta jini."

Nikadai, kwa heshima yangu, wanieleze: ikiwa simu yasema imeshindikana, mbona thali zaja? Nanjala akaniambia nifikirie mtu anayetuma salamu kwa kijana wa mbio. Kijana anafika, anazitoa, lakini akirudi na jibu anapotelea kichochoroni. Wewe waona kimya, wamtuma mwingine. Na mwingine. Kule waliko salamu zimefika zote. "Mtandao ukiwa haupo kabisa ni rahisi, mzee, mtu anajua haupo. Shida ni huu wa nusu. Unakwenda na haurudi."

Fatemabai alikuwa akisubiri na hapati. Mimi sikuwa na subira nikapata mara nne. Nilimwambia Lubaba hilo si kosa la programu, hiyo ni dunia. Hakunisikiliza, kwa sababu alikuwa kishaanza kuandika.

Walifanya kazi pale pale sebuleni kwangu. Sikuelewa yote, na niliyoelewa nimeyaeleza watu vibaya tangu siku hiyo, lakini kiini chake ni hiki. Ukibonyeza, kwanza ombi linaandikwa ndani ya simu, mahali ambapo hata simu ikizimwa halifutiki. Ndipo programu inatafuta njia ya kulituma, na ikikosa inajaribu yenyewe baadaye mtandao ukijitokeza. Na kila ombi limepigwa alama ya nyumba na ya siku. Likifika mara kumi, jiko linajibu kila mara "nimeshalipata," na kupika moja.

"Na maneno," akasema Nanjala. "Hiyo subiri itoke."

"Subiri ni adabu," akapinga Lubaba.

"Ndiyo shida yake."

Nanjala akazifuta pia anwani za hotspoti yake kwenye kila simu, kisha akasema kesho ataiacha simu yake Buxton, nyumbani kabisa, asije akawa na baraka tena kwa bahati mbaya. Bado kulikuwa na jambo lililomkera. Simu nyingine za bei rahisi, akasema, zina ubahili wa betri. Zinaizuia programu kufanya kazi ikiwa imefungwa, na ombi laweza kulala ndani ya simu mpaka mwenyewe aifungue tena. Kwa hiyo kutakuwepo nyumba ambazo jiko halijasikia.

"Hizo je?" akauliza Lubaba.

Nami nikasema, kwa utani tu, "Mpeni Aliakbar apige simu."

Alhamisi Aliakbar alikuja kabla ya saa tatu, amevaa kofia ya sherehe ya kutarizi kwa uzi wa dhahabu, kofia ya mtu anayekuja kuzika. Mamake Lubaba alikuja nyuma yake. Lubaba akafuta jina langu kwenye simu ya ufa, akaandika la Aliakbar, akampa. Nami nikajifanya naangalia paka.

"Naijaribu ninapotaka mimi," akasema Aliakbar.

"Popote."

Akaenda jikoni kwake, ng'ambo ya kichochoro, akaingia ghala la mchele. Ghala lile halina dirisha, na magunia yamepangwa mpaka darini. Hata mbu humo huulizana njia. Tukasimama mlangoni. Tukamsikia akibonyeza. Akanyamaza. Akasoma kwa sauti, kwa mashaka, kama anayesoma wito wa mahakama:

"Ombi lako limeandikwa ndani ya simu. Bado halijafika jikoni. Litakwenda lenyewe. Unaweza kufunga simu." Akatoa kichwa. "Halijafika? Mimi niko jikoni!"

"Mtandao hauko jikoni," akasema Nanjala.

Akarudi ndani, akabonyeza tena, tulisikia dole likigonga kioo, ta, ta, ta, ta. Lubaba akafumba macho. Aliakbar akatoka, akaitia simu mfukoni kwa dharau, akatembea mpaka barazani. Hapo, mfukoni, ikatetemeka. Akaitoa.

"Jiko limepokea. Thali moja."

Wote tukamgeukia Baya, aliyekuwa na simu ya jiko mkononi. Akaisoma, akaisoma tena kwa kuwa alijua uzito wake. "Moja," akasema. "Imeandikwa Aliakbar. Moja tu."

Mamake Lubaba akashusha pumzi. Lakini Aliakbar hakushusha. Uso ukawa mwekundu.

"Moja kwa nini? Nimebonyeza mara nyingi! Nina shemeji amekuja jana kutoka Lamu na mkewe. Nataka tatu!"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Asubuhi nzima tulikuwa tunaomba ije moja. Nikamwona Nanjala ametazama juu mawinguni kana kwamba jibu limeandikwa huko, na Aliakbar ameshika simu mbali na uso wake akibishana nayo: "Tatu! Nasema tatu!" Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa: je, mashine iliyokataa kumpa mtu zaidi ya alichoagiza imeshinda au imeshindwa?

"Kuna alama ya kuongeza," akasema Lubaba hatimaye, kwa sauti ya mtoto wa chuoni. "Hapo chini. Ndogo."

"Siioni."

"Ni ndogo mno. Nitaikuza."

Akamwonyesha. Aliakbar akagusa mara mbili, kwa ncha ya kidole, kwa chuki. Simu ikafikiri. Jiko limepokea. Thali tatu. Baya akathibitisha: tatu, si nne, si tano.

"Na hii nyingine ni nini?" Aliakbar akauliza, maana katika simu ya Baya, chini ya majina, palikuwa na jina la Fatemabai peke yake, lenye alama ya simu pembeni.

"Ni nyumba ambayo hatujaisikia leo," akasema Nanjala. "Labda hataki. Labda ombi limelala ndani ya simu yake. Mashine haiwezi kujua. Inabidi mtu apige."

"Mtu gani?"

Aliakbar akatutazama mmoja mmoja, akinitazama mimi zaidi, ingawa kwa mara hii sikuwa nimefanya lolote. Akagusa lile jina. Simu ikaita, na sote tukaisikia ikilia ghorofani kwangu.

"Fatemabai? Aliakbar hapa. Leo wataka thali au hutaki?... Eh... Eh. Na goti?"

Aliongea mpaka chai yangu ikapoa. Alipomaliza akamrudishia Baya simu, akaweka kofia sawa.

"Anataka," akasema. Kisha akamwambia Lubaba, bila kumtazama, "Jumamosi uziingize nyumba zote za Kuze. Hiyo alama ya kuongeza uikuze. Mjomba wako mwambie akitafutie kiti chake mtu mwingine."

Mamake Lubaba akamtazama bintiye, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kigujarati kama mambo yamekuwa mazuri au mabaya. Nikamwambia sijui, lakini chakula kipo.